Tupeane uzoefu: kumbukumbu za kikao na msimamizi wa tasnifu

Kalamu Butu: Wakuu, niko mwaka wa pili wa uzamili. Kila nikitoka kwa msimamizi daftari limejaa, ila wiki mbili baadaye kila mtu anakumbuka lake. Kikao cha mwisho niliandika "kuboresha sura ya pili". Nimeiboresha, naambiwa siyo hivyo. Nyie mnaandikaje?

Bundi wa Maktaba: Tatizo ni hilo "kuboresha". Utajuaje umemaliza? Mimi sura hiyohiyo niliiandika upya mara tatu ndipo nikashtuka. Sasa hivi nikitoka kikaoni, siku hiyohiyo namtumia ukurasa mmoja. Wa mwezi uliopita ulisema:

"Mwanafunzi: apange sura ya pili kwa mada tatu, siyo mwandishi mmoja mmoja, kila mada iishie kwenye pengo linalozaa swali la utafiti. Kurasa zisizidi 20. Ailete Ijumaa tarehe 14. Msimamizi: arudishe maoni ndani ya siku 10 za kazi, yaani hadi tarehe 28. Hatukuamua: mahojiano yabaki 20 au yapungue."

Huo mstari wa mwisho ndio ulioniokoa. Aliponiuliza mbona sijapunguza mahojiano, nikamfungulia faili. Akacheka, tukakubaliana 12 palepale.

Mama Rasimu: Mbona mnajitesa? Tuma barua pepe. Asipojibu, amekubali.

Mwalimu Mchovu: Dada, mimi nasimamia wanafunzi saba. Nikikaa kimya, mara nyingi sijaifungua hata hiyo barua. Niombe nijibu "sawa" tu, na kikao kinachofuata tuanze kwa kuisoma. Tarehe yangu nayo iwemo, maana bila hiyo rasimu yako inalala chini ya nyingine.

Jeuri ya Hoja: Kwetu katibu wa jopo ndiye anaandika, mwanafunzi unapewa nakala na orodha ya masahihisho.

Bundi wa Maktaba: Huo ni utetezi, ndugu. Hapa tunaongelea vikao vya kawaida vya watu wawili.

Kalamu Butu: Asanteni. Na maoni kwa msimamizi je? Fomu yetu ina sehemu hiyo, naiachaga wazi.

Mwalimu Mchovu: Usiniandikie "maoni yako hayaeleweki", nitakasirika bure. Kuna binti aliniandikia: "Ukurasa wa 31, rasimu ya kwanza ulisema niondoe jedwali, ya pili unauliza liko wapi. Nifuate lipi?" Nilitazama, kweli nilijipinga mwenyewe. Nikajibu jioni ileile.

Mama Rasimu: Wewe muungwana. Wangu niliandika karibu hivyohivyo, akaninunia miezi miwili. Tangu hapo nasema kwa mdomo, kwenye karatasi naweka "tulijadili jedwali la ukurasa wa 31" basi.

Mwalimu Mchovu: Hapo umeandika mada tu. Uamuzi uko wapi?

Mama Rasimu: Uamuzi uko moyoni mwake, mwalimu. Nifanyeje?