Mjadala: Lebo ya dagaa kwa lugha mbili, ipi itangulie?

Neema_Kirumba: Wakuu, nafungasha dagaa wa kukaanga gramu 250. Stika ya mbele na ya nyuma kila moja ni milimita 80 kwa 100. Nauza maduka ya Mwanza na kidogo Kenya. Nikiweka Kiswahili na Kiingereza maandishi yanabanana hayasomeki. Nipange vipi, na lugha ipi itangulie?

FundiRula: Dada, tuanze na vitu visivyohitaji lugha ya pili, maana ndivyo vinavyokula nafasi bure. Jina la kiwanda, anwani, simu, namba ya bechi, uzito na tarehe za tarakimu vinaandikwa mara moja tu. Kinachoandikwa mara mbili ni kichwa cha tarehe, tena kwa mstari mmoja uliokatwa na alama ya mkwaju. Mwezi uandike kwa tarakimu, usiandike jina lake, la sivyo utalazimika kuutafsiri nao.

Sasa stika ya nyuma. Ukiacha ukingo wa milimita 4 kila upande unabaki na 72 kwa 92. Chini kabisa weka bakodi. Kwa ukubwa wake kamili inachukua milimita 37 na ushee kwa upana na karibu 26 kwa kimo, ikiwemo ile nafasi nyeupe ya pembeni. Wengi huikata nafasi hiyo nyeupe ili kupata pa kuandika, kisha mashine ya dukani inagoma kusoma na lawama anapewa mchapaji. Kulia kwa bakodi zinabaki kama milimita 34, hapo panatosha tarehe na bechi.

Juu ya bakodi umebakiwa na kimo cha milimita 62 hivi baada ya kuacha pengo dogo. Tumia herufi za pointi 7 zisizo na vikonyo, yaani vimikia kwenye ncha, mistari ipishane milimita 3. Unapata mistari 20. Kiswahili kipe tisa, Kiingereza tisa, katikati acha miwili mitupu. Viambato, tahadhari ya mzio wa samaki, namna ya kuhifadhi na namna ya kupika vinaingia vyote humo.

Usishuke chini ya pointi 7. Umoja wa Ulaya unataka herufi ndogo kama "x" iwe na kimo kisichopungua milimita 1.2 kwenye pakti za kawaida. Sheria yao haikufungi hapa, ila ni kipimo kizuri cha chini. Kwa herufi za aina ya Ariali, pointi 7 inapita kidogo, pointi 6.5 inaanguka kwa kiasi cha unywele.

Mwaloni_Express: Mkuu, mbona unamzungusha? Weka safu mbili, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, mambo yamekwisha. Na Kiingereza ndicho kitangulie. Sheria inataka hivyo, na mteja wa supamaketi akiona Kiswahili juu anadhani ni bidhaa ya mtaani.

FundiRula: Safu mbili ni nzuri kwenye katoni au ndoo. Kwenye stika yake kila safu itakuwa na milimita 34, sawa na herufi 27 hivi kwa mstari. Neno kama "yaliyochanganywa" peke yake lina herufi 16. Likishindwa kuingia linashuka lote, linaacha shimo mwishoni mwa mstari, na aya nzima inakuwa na meno. Kwa upana kamili wa 72 unapata herufi karibu 58, mashimo hayo huyaoni. Mimi safu siziruhusu kabla kila moja haijafika milimita 45.

Kuhusu sheria, nionyeshe kifungu kinachosema Kiingereza kitangulie. Kiwango cha Kodeksi, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kuhusu vyakula vilivyofungashwa kinataka jina la chakula na uzito vionekane pamoja kwa mtazamo mmoja, na lugha ieleweke kwa mlaji. Ukiongeza stika ya lugha nyingine, maelezo ya lazima yawe kamili na yalingane na ya awali. Hakuna mahali kinapopanga lugha ipi ikae juu. Neema, peleka rasimu TBS kabla hujachapa, usiende na maneno yetu.

Mwaloni_Express: Sawa, kifungu sina. Lakini la supamaketi nimesimama nalo. Rafu za Nairobi na Kisumu zina Kiingereza juu.

AsaliSengerema: Mimi nina chupa ya asali ya duara, kipenyo sentimita 6. Lebo inazunguka karibu yote. Nikitanguliza Kiswahili, Kiingereza si kitapotelea nyuma?

FundiRula: Kaka, kesi yako ni tofauti. Chupa hiyo mzingo wake ni milimita 188, lakini mtu akiishika anasoma vizuri kama 60 tu za mbele. Hapo jina kwa lugha zote mbili na uzito vikae ndani ya hizo 60. Maelezo ya Kiswahili yaende kushoto, ya Kiingereza kulia, kila moja kwenye ubavu wake. Hakuna anayesoma lugha zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo kuzitenganisha hakumpotezei mtu kitu.

Dizaina_Nyakato: Naongezea upande wa mbele, maana ndipo penye ugomvi. Pakti ikijaa inatuna, sentimita moja ya kila ukingo inageukia pembeni. Katika zile milimita 80, zinazotazama mteja ni 60 hivi. Jina la Kiswahili pointi 20, la Kiingereza chini yake pointi 13, rangi ileile. Nyuma lugha zote zilingane ukubwa, maana tahadhari ya mzio haina mkubwa na mdogo. Kosa ninaloliona sana ni kupambanua lugha kwa herufi za kijivu zilizoinama. Kwenye stika inayong'aa, chini ya taa ya duka, hiyo lugha ya pili inafutika. Tumia weusi wa wino mmoja tu. Ukichanganya wino nne kwenye herufi ndogo, zikisogea kidogo kila herufi inapata kivuli.

Uzito "250 g" uandike mara moja, tarakimu zisipungue milimita 4.

Kabla ya kulipa, chapa rasimu kwenye karatasi ya A4 kwa asilimia 100. Zima lile chaguo la kuipunguza ienee ukurasa, vinginevyo utakuwa unapima kitu kingine. Kata, bandika kwenye pakti iliyojaa, mpe mtu asiyeijua bidhaa asome kwa urefu wa mkono.

Neema_Kirumba: Nimeelewa nafasi. Lugha ya juu bado. Na kuna mteja anapeleka Kongo, anataka Kifaransa.

FundiRula: Kifaransa usikiingize humo, mistari haipo. Fanya stika ndogo ya nyongeza kwa mzigo huo tu. Juu weka Kiswahili, kwa sababu wengi wanaonunua kwako ni wa Mwanza na ndio watakaosoma namna ya kuhifadhi.

Mwaloni_Express: Na mzigo wa Kenya?

Dizaina_Nyakato: Ukichapa kidijitali hakuna pleti za kuchapia, kwa hiyo matoleo mawili ya mbele yanawezekana, moja Kiswahili juu, moja Kiingereza juu, nyuma ileile. Kazi ni stoo: rolo mbili zinazofanana, kijana wa kubandika akichanganya huoni mpaka mzigo ufike.

Mwaloni_Express: Ndiyo maana nasema toleo moja, Kiingereza juu.

FundiRula: Toleo moja nakubali. Juu kikae Kiswahili.