Unayetumia insulini: kabla ya kushika usukani safari ndefu, mashine isome ngapi? Tupeane uzoefu

MamaWaSakina
Habari zenu. Mwanangu alianzishiwa insulini mwaka huu, ile ya mchanganyiko nyeupe kama maziwa, asubuhi na jioni. Mwisho wa mwezi anaendesha mwenyewe Arusha hadi Dar. Kliniki walimwambia tu "usiendeshe sukari ikiwa chini". Chini ya ngapi? Na akipima asubuhi hapa Sakina, Arusha, inatosha mpaka Chalinze? Naomba wenye uzoefu wa barabara ile waseme yaliyowakuta, maana yeye ananiambia "mama usiogope" na mimi naogopa.

Tani30_Himo
Mama, 4. Ikisoma 4 na kuendelea anawasha gari anaondoka. Hata hospitali wanasema sukari ya kawaida inaanzia 4. Mimi naendesha lori na nachoma insulini, sijawahi kupata shida.

BintiMwika
4?? Kaka, ya kawaida kwa mtu aliyekaa nyumbani siyo ya mtu anayeshuka nayo Same. Ukianza na 4 huna pa kushukia.

Tani30_Himo
Dada, miaka yote hii niko barabarani.

Nesi_Mstaafu_Moshi
Mama Sakina, shikamoo kama umenizidi. Nimekaa kliniki ya kisukari muda mrefu na mwenyewe nachoma insulini, kwa hiyo nakujibu kwa yote mawili.

Namba ya kushika ni 5. Waingereza wameiweka kwenye mwongozo wao wa leseni kwa watumiaji wa insulini, na ni rahisi kukumbuka: ikizidi 5, endesha. Ikiwa kati ya 4 na 5, kula kitu kwanza. Ikiwa chini ya 4, huendeshi kabisa, unatibu. Kipimo kiwe ndani ya saa mbili kabla ya kuondoka, na njiani urudie kila saa mbili. Kwa hiyo hapana, kipimo cha Sakina hakifiki Chalinze. Hakifiki hata Mombo.

Ila kwa insulini ya mwanao nataka uelewe jambo moja. Ile nyeupe ina sehemu inayofanya kazi mapema na sehemu inayokuja taratibu. Akichoma saa kumi na mbili asubuhi, chai na chapati zinashughulikiwa na ile ya mapema. Ile ya taratibu inapamba moto kuelekea mchana, ndiyo maana tunasisitiza chakula cha mchana kwa wakati. Sasa dereva wa Dar mchana yuko wapi? Yuko Korogwe au Segera, anasema "nitakula Chalinze". Hapo ndipo sukari inapodondoka, ingawa asubuhi ilisoma vizuri. Mimi binafsi kwa insulini hiyo naona afadhali aondoke na 7 au 8 akiwa ameshakula, kuliko 5.2 ambayo ni halali lakini inateremka.

Shangazi_Soweto
Nimesoma hapo Segera moyo ukanilipuka. Ngoja niwape ya mume wangu.

Tulitoka Moshi saa moja asubuhi, yeye anaendesha, mimi mbele, watoto nyuma. Alichoma insulini, akanywa chai na mkate, akapima: 7.1. Tukaridhika wote. Same tukasimama kidogo kwa ajili ya watoto, joto la pale mnalijua. Karibu saa sita mchana tukafika Segera, watoto wakataka machungwa. Baba yao akawamenyea, yeye mwenyewe hakula hata kipande, akasema anasubiri wali mbele. Akafuta mikono kwa kitambaa, akatoa mashine, akapima. 8.9. Akanionyesha kwa furaha kabisa, "unaona?" Tukaondoka.

Baada ya Kabuku nikaona anavuka matuta bila kupunguza mwendo. Mume wangu ni mtu wa kupunguza mpaka watoto wanalalamika. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu habari za fundi bati wa nyumbani. Nikamwambia simama, akasema yuko sawa, kwa ukali, na yeye si mkali. Shingo na kola vimelowa jasho na kiyoyozi kinapuliza. Gari likaanza kuufuata mstari wa katikati, na lori linakuja mbele yetu. Sikubishana tena. Nikawasha taa za dharura, nikaweka mkono kwenye usukani, nikamwambia kwa sauti ya chini "baba, watoto wanataka kukojoa". Hilo alilisikia. Akatoka barabarani, akasimama kwenye nyasi. Nikazima gari nikachukua funguo.

Nikamwagia vidole maji ya chupa, nikavikausha kwa khanga yangu, nikapima kidole kilekile: 2.9.

Ile 8.9 ilikuwa ya chungwa, jamani.

BintiMwika
Mungu wangu. Hiyo ya kumwambia watoto wanataka kukojoa ni akili kubwa.

KijanaWaNjiro
Shangazi, ukampa nini??

Nesi_Mstaafu_Moshi
Ndivyo inavyokuwa. Tone la damu ni dogo mno, na maji ya tunda yaliyoganda kwenye ngozi ni sukari tupu. Mashine inasoma vyote viwili pamoja. Na msitegemee pamba ya spiriti, haiondoi vizuri. Maji ndiyo yanaondoa, halafu kidole kikauke. Embe na ndizi ni vilevile. Kama huna maji kabisa, futa tone la kwanza, tumia la pili, lakini maji ni bora. Namba ikikushangaza, yaani hujala kitu na sukari imepanda, usiifurahie. Nawa, rudia.

Tani30_Himo
Sasa hii inatisha. Mimi machungwa ya Segera nanunua kila safari.

Bavicha_wa_Usa
Ndiyo maana mimi nasema dawa ni moja: ondoka na 15. Ukiwa na 15 hata ufike Mbeya haishuki.

BintiMwika
15 ushauri gani huo? Macho yanaona ukungu, kiu, kila kijiji unasimama kukojoa.

Bavicha_wa_Usa
Kukojoa hakuangushi gari. Kushuka kunaangusha.

Nesi_Mstaafu_Moshi
Bavicha, sehemu moja nakubaliana nawe, ya kushuka ndiyo hatari ya ghafla. Lakini 15 haikupi kinga: ukiwa umechoma insulini na hujala, inaweza kushuka njiani vilevile, na kwa kasi. Na mtu ambaye sukari iko juu hivyo, anatapika au tumbo linauma, huyo haendeshi, anatafuta hospitali.

KijanaWaNjiro
Kwa hiyo juu kabisa mwisho ngapi?

Nesi_Mstaafu_Moshi
Upande wa juu hakuna mstari kama ule wa 5. Mimi naangalia macho yake na hali yake. Wenzangu wengine wanapenda namba, wabishane na mimi.

Shangazi_Soweto
Kijana, uliuliza nilimpa nini. Nusu chupa ya soda, ile yenye sukari, kwa mikupuo midogo. Kulikuwa na chokoleti ya watoto nikaiacha, ina mafuta, inachelewa. Baada ya robo saa nikapima: 3.6. Nikampa nusu iliyobaki. Robo saa nyingine: 5.8. Hapo akaanza kuniomba funguo, mtu mzima, anaongea vizuri kabisa, amekasirika kwa nini tunapoteza muda. Nikamwambia lete hela tununue mahindi, nikamwangalia anavyohesabu. Noti ya elfu tano na ya elfu kumi alikuwa anazigeuza kama hajawahi kuziona. Funguo sikumpa.

Nesi_Mstaafu_Moshi
Ubarikiwe. Hiki ndicho wengi hawakijui: sukari ikisharudi juu ya 5, kichwa bado. Mwongozo ule unasema subiri dakika 45 tangu irudi juu ya 5, siyo tangu unywe soda. Na katikati hapo kula chakula cha kukaa tumboni, maana soda inapita na insulini nyeupe bado inaendelea. Pia wakati wa kutibu, mgonjwa asikae kwenye kiti cha dereva. Shangazi alifanya vizuri kuchukua funguo.

Mzee_Kiboriloni
Na mimi nina kisukari, nameza metformini tu, naendesha kwenda Tanga kwa wajukuu. Nami nisubiri dakika 45?

Nesi_Mstaafu_Moshi
Shikamoo mzee. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Ila kama wamekuongezea glibenklamidi, hiyo inashusha, basi mazungumzo haya yanakuhusu. Angalia pakiti.

Mzee_Kiboriloni
Marahaba. Ninayo ya presha pia, atenololi.

Nesi_Mstaafu_Moshi
Hiyo inaweza kuficha mapigo ya moyo na kutetemeka, jasho likabaki. Ukiona jasho bila joto, pima. Na waliokaa na kisukari miaka mingi vilevile, dalili zinapungua mpaka mtu anafika 3 anaongea tu.

NinaSensaMkononi
Mimi ndugu zangu wa nje hunitumia sensa ya sukari, ile ya kubandika mkononi. Inanionyesha 6 nusu, nimestarehe?

KijanaWaNjiro
Angalia mshale. 6 yenye mshale wa kwenda chini siyo 6. Sensa inasoma maji ya chini ya ngozi, iko nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Mimi ikiwa na mshale wa chini natoboa kidole kabla ya kuwasha gari. Na kuiangalia simu huku unaendesha, hapana.

Tani30_Himo
Nesi, tuseme ukweli. Stripi ni ghali. Kila saa mbili mpaka Dar ni stripi ngapi? Sisi wengine tunaishi kwa pakiti moja mwezi mzima. Na mashine yangu inasoma 90 huko, sijui 110, hata hiyo 5 yenu siioni.

KijanaWaNjiro
Yako ni ya mg/dL, hizi zetu ni mmol/L. Gawanya kwa 18. 90 ndiyo 5. Na 4 yako unayoitetea ni 72. Umekuwa ukiondoka na 72?

Tani30_Himo
Huwa naondoka na 120, 130.

BintiMwika
Sasa ulikuwa unabishana na nani mkuu?! Hiyo ni karibu 7!

Nesi_Mstaafu_Moshi
Mwacheni, la stripi ni la kweli. Kupima kila saa mbili ndiyo salama, na kwa safari hiyo moja familia ichange. Lakini kama mtu ana mbili tu mkononi, ya kwanza ni kabla ya kuondoka, ya pili ni mchana akiwa amesimama, kabla hajaamua kupitiliza chakula. Na bila stripi ya mchana, ale kwa saa yake palepale alipo, iwe Mombo au Korogwe, asisubiri Chalinze. Mashine na stripi visiachwe juu ya dashibodi pale Same, joto linaharibu. Insulini nayo isiachwe kwenye gari lililofungwa.

Bavicha_wa_Usa
Na apunguze dozi ya asubuhi siku ya safari. Mimi hupunguza nusu.

Nesi_Mstaafu_Moshi
Nusu hapana, usimpe mtu hesabu hiyo hapa. Kupunguza kunaweza kuwepo, lakini aende kliniki na daftari lake la vipimo, wamwambie uniti ngapi.

Bavicha_wa_Usa
Kwangu inafanya kazi.

MamaWaSakina
Asanteni sana. Nesi, marahaba, nina wajukuu. Nimemsomea mwanangu yote, ya Shangazi nimemsomea mara mbili. Amekubali kula Korogwe, kupima kabla ya kuondoka pale, na kubeba chupa ya maji ya kunawa tu. Binamu yake mwenye leseni anaenda naye. Kuhusu dozi anakwenda kliniki kabla ya safari. Shangazi, mumeo sasa anakubali kusimama ukimwambia?

Shangazi_Soweto
Anakubali akiwa na 7, dada yangu. Akiwa na 3 hakubali chochote, ndiyo maana funguo ya pili inakaa kwenye pochi yangu. Binamu naye mfundishe kupima, na soda aibebe yeye. Iwe yenye sukari, siyo ile ya ziro.