Skripti ya utalii Ujiji kwa lugha mbili: nitafsiri kila sentensi, nigawe, au niandike mbili tofauti?

Kibirizi_Juu: Wakuu habari za jioni. Nimepewa kundi la mchanganyiko mwezi ujao, Kigoma mjini hadi Ujiji. Nataka kuandika skripti yangu kabisa, niachane na kubabaisha. Nina njia tatu: kusema sentensi kwa Kiswahili kisha kuirudia kwa Kiingereza, kugawa, habari hii kwa Kiswahili na ile kwa Kiingereza, au skripti mbili kamili na kulitenganisha kundi. Mliowahi kufanya, ipi inafaa?

Migebuka: Mchanganyiko wa nani na nani? Wangapi? Uko peke yako au mna mwenzako? Bila hayo tutakujibu hewani.

Mzee_wa_Reli: Rudia kila sentensi, mkuu. Hakuna anayeachwa nyuma. Na ukianza na ziwa umewateka wote: Tanganyika ndilo ziwa refu na lenye kina kuliko yote duniani.

Mama_Mwanga: Mzee wangu, shikamoo. Kwa urefu uko sahihi, kati ya maziwa ya maji baridi hakuna lililoifikia Tanganyika, kama kilometa 670. Kwa kina ni la pili, Baikal ya Urusi imelizidi. Letu lina mita 1,470. Ukimwambia mgeni la kwanza, akapekua simu palepale, mengine yote utakayosema atayatilia shaka. Mimi huwapa hivi: uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya bahari, kwa hiyo sakafu yake iko chini kuliko ufukwe wa Dar kwa takriban mita 700. Hiyo wanaondoka nayo hadi nyumbani.

Mzee_wa_Reli: Marahaba. La pili basi, nimekubali. Lakini kurudia sentensi sijaacha.

Mwalimu_Tabora: Naomba niseme kwa upande wa wasikilizaji, maana nilikuwa nimeleta wanafunzi na tukaunganishwa na wageni watano wa kampuni fulani. Mwongozaji alirudia kila sentensi. Mwanzoni watoto walivumilia. Tulipofika kituo cha tatu, kila akianza Kiingereza wao wanaanza soga, na akirudi kwenye Kiswahili inabidi anyamazishe kwanza. Dakika kumi za mnara wa Ujiji zikawa ishirini, jua la saa saba liko utosini.

Kibaya zaidi, akatia utani kwa Kiswahili kuhusu Speke, yule ambaye mdudu alimwingia sikioni walipokuwa ziwani na Burton mwaka 1858. Watoto wakaangua kicheko. Wageni wakatazamana, mama mmoja akajikagua nguo. Mwongozaji alipoona hivyo akaharakisha kutafsiri, lakini utani uliochelewa hauchekeshi, na yule mama hakuamini kwamba kicheko kilimhusu Speke. Walirudi kwenye gari kabla ya kumaliza. Wanafunzi wangu waliulizana njia nzima kama wamekosea nini.

Migebuka: Pole Mwalimu. Ndiyo maana nasema skripti mbili, makundi mawili.

Buha_Original: Mtafsiri wa kukodi kwa siku ni bei gani siku hizi? Mimi nina kikundi cha ngoma, tunapata wageni.

Kibirizi_Juu: Buha, hapa ni kuandika skripti, si kukodi mtu. Migebuka, samahani kwa kuacha hayo: wanafunzi 18 wa kidato cha tatu na wageni 5. Niko peke yangu. Nusu siku: stesheni ya Kigoma, mv Liemba, kisha Ujiji.

Mama_Mwanga: Kama uko peke yako, skripti mbili haiwezekani, nani atabaki na nusu nyingine? Kwa hiyo ni kurudia au kugawa, na mimi niko upande wa kugawa, kwa masharti.

Kwanza chagua nguzo za kila kituo: jina, mwaka na kitu kinachoonekana kwa macho. Hizo zitajwe kwa lugha zote mbili, neno kwa neno. Kisha jiulize kila upande tayari unajua nini. Pale mnarani Ujiji, mgeni amekuja anajua maneno ambayo Stanley anadaiwa kumsalimia Livingstone. Usipoteze pumzi hapo, tena kurasa za shajara ya Stanley za siku hiyo zilichanwa, hakuna awezaye kuapa. Asichokijua ni kwamba wa kwanza kumsalimu Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na alimsalimu kwa Kiingereza. Mwanafunzi naye anapajua Ujiji, ila hajui kwamba huyu Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti aliyetembea kutoka Bagamoyo kwa karibu miezi minane.

Kwa hiyo mimi ningeandika hivi. Unaonyesha mnara. Kiswahili, sentensi nne: hapa paliota mwembe, mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone chini yake, Stanley alitumwa na gazeti, mwembe wenyewe ulishakufa, hii unayoiona ni ya kizazi chake. Unageuka. Kiingereza, sentensi nne: mwembe, 1871, majina yaleyale mawili, kisha Susi na salamu yake, na kwamba miaka miwili baadaye yeye na Chuma na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Kidato cha tatu watakisikia na hicho cha Kiingereza, hivyo wanapata zaidi badala ya kusikia jambo mara mbili. Mgeni hapotei kwa sababu nguzo anazo.

Utani uwe wa kuonyesha kwa mikono, wacheke wote kwa pamoja. Na habari za usalama na saa ya kurudi usizigawe kamwe, sema zote kwa lugha zote. Saa nane mchana waonyeshe kwenye saa ya mkononi.

Mzee_wa_Reli: Na mgeni asiyemsikia mwandishi wa gazeti? Amelipa sawa na wengine. Kugawa ni kumnyima.

Mama_Mwanga: Hilo nalikubali, ni upungufu wa njia hii. Ndiyo maana cha Kiswahili pekee kiwe kile ambacho mgeni anacho tayari au atakisoma kwenye bango.

Migebuka: Hata tarehe yenyewe ina ubishi. Stanley anasema 10 Novemba, Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku na kwake inaangukia Oktoba.

Mama_Mwanga: Basi aseme mwaka tu. 1871 hauna ubishi.

Kibirizi_Juu: Kwa Liemba nina: ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Nigaweje?

Mwalimu_Tabora: Miaka minne kituo kimoja! Wanafunzi wangu hawatabaki na hata mmoja. Waambie Wajerumani walipaka injini mafuta mazito kabla ya kuizamisha wenyewe, wakitumaini kuirudia, na Waingereza ndio wakaiibua. Mwaka mmoja unatosha, 1916.

Mzee_wa_Reli: Hiyo sasa ni fupi. Fupi namna hiyo unaweza kuirudia kwa lugha zote mbili bila mtu kuchoka, ndilo nililokuwa nasema tangu mwanzo.

Kibirizi_Juu: Nafikiri Liemba nitarudia, Ujiji nitagawa. Stesheni bado sijui.

Mama_Mwanga: Ukishaandika, soma kwa sauti ukiwa na saa. Kisha mpate mtoto mmoja na mtu wa Kiingereza, kila mmoja akusimulie kituo. Wakitaja mwaka tofauti, rudi mezani.

Mwalimu_Tabora: Na Kwihara je? Livingstone alikaa pale kwetu mwaka 1872 akisubiri wapagazi na vifaa kutoka kwa Stanley. Kila mtu anaishia Ujiji.

Migebuka: Mwalimu, nusu siku hiyo! Tabora utafika na treni ya kesho.

Mwalimu_Tabora: Sentensi moja tu, akiwa stesheni. Reli si inatokea huku?