Kutenganisha uzani uliorundikwa kwenye seli moja: Text to Columns au fomula?

Karani_Kongowea
Salaam aleikum. Naandika hesabu za mzigo wa viazi hapa sokoni Kongowea. Kijana wa mzani hunitumia uzani wa magunia ya kila lori kwenye seli moja, akitenga namba kwa nafasi. Kolamu A ni lori, B ni uzani kwa kilo, C ni bei. Mistari mitatu iko hivi:

```
B2: 50 48 51 49
B3: 47  50 52
B4: 49 50 46
```

Nataka kila gunia likae kolamu yake nipate kujumlisha. Nitumie Text to Columns, au kuna njia bora? Nina Excel ya 365.

Pwani_Tech
Achana na Text to Columns, hiyo ni ya zamani. Andika hii kwenye D2 kisha ivute chini:

```
=TEXTSPLIT(B2," ",,TRUE)
```

Hiyo TRUE inaruka nafasi mbili kama za B3. Na kijana akisahihisha uzani, matokeo yanabadilika yenyewe.

MamaZuhura
Mimi namba za simu za wateja zikitenganishwa, 0 ya mwanzo inapotea! 0722 inakuwa 722. Niongeze sifuri kwa mkono?

Karani_Kongowea
@Pwani_Tech namba zimetengana vizuri, lakini SUM inanipa 0. Na B4 haikutengana kabisa.

Mzee_wa_Mahesabu
Bwana Karani, TEXTSPLIT hutoa maandishi, hata yakiwa na sura ya namba. Tazama zilivyoegemea kushoto mwa seli; namba halisi huegemea kulia. SUM huyapita maandishi bila kulalamika, ndiyo maana umepata 0. Weka alama mbili za kutoa mbele yake:

```
=--TEXTSPLIT(B2," ",,TRUE)
```

Sasa D2 mpaka G2 zikijumlishwa zitatoa 198, na mstari wa 3 utatoa 149.

Text to Columns haina shida hiyo, kwa sababu ikiachwa kwenye General hugeuza namba yenyewe. Chagua B2:B4, nenda Data, Text to Columns, Delimited, halafu Next. Tia alama kwenye Space na kwenye Treat consecutive delimiters as one. Ukisahau hiyo ya pili, nafasi mbili za B3 zitaacha seli tupu katikati, na magunia yanayofuata yatasogea kolamu moja. Kwenye hatua ya tatu badilisha Destination iwe $D$2. Ukiiacha kwenye B2, gunia la pili litaangukia juu ya bei zako za C. Excel huuliza kwanza kama ifute kilichopo, lakini mtu mwenye haraka hubonyeza OK tu. TEXTSPLIT yenyewe haifuti kitu: ikikuta seli zimejaa hutoa #SPILL! na kukaa.

Bi Zuhura, usiongeze kwa mkono. Hatua hiyo hiyo ya tatu, bonyeza kolamu ya simu kwenye onyesho la chini, chagua Text badala ya General, na sifuri itabaki.

MamaZuhura
Imekubali, Mungu akuweke Mzee wangu.

Pwani_Tech
Hilo la SUM sikulijua, shukran. Na B4 je?

Mzee_wa_Mahesabu
B4 nadhani ilinakiliwa kutoka ukurasa wa mtandao. Kuna nafasi isiyokatika, ambayo kwa macho ni sawa na ya kawaida. Pima herufi ya tatu:

```
=UNICODE(MID(B4,3,1))
```

Nafasi ya kawaida hutoa 32. Ukiona 160, ndiyo yenyewe.

Karani_Kongowea
Ni 160! Kweli, siku ile alinakili kutoka skrini ya mzani.

Mzee_wa_Mahesabu
Basi igeuze kwanza:

```
=SUBSTITUTE(B4,UNICHAR(160)," ")
```

Kwenye TEXTSPLIT weka hiyo SUBSTITUTE mahali pa B4. Kwa Text to Columns, iandike kwenye kolamu ya pembeni, nakili, ubandike thamani tu, kisha utenganishe. B4 itatoa 145.

Kwa kazi yako, inayoingia kila siku na kusahihishwa, mimi ningeshika fomula. Text to Columns ningeiweka kwa orodha iliyokwisha funga, au faili litakalofunguliwa kwenye Excel 2019, ambako TEXTSPLIT haipo.

Likoni_Ferry
Google Sheets ni rahisi zaidi: =SPLIT(B2," ") na namba zinatoka namba halisi, hakuna alama za kutoa.

Mzee_wa_Mahesabu
Sawa kwa uzani, lakini simu za Bi Zuhura zitapoteza sifuri huko.

Karani_Kongowea
Na malori mazima? Mzani mkubwa huandika `12 480 9 860`, yaani kilo 12,480 na 9,860.

Pwani_Tech
Tumia Fixed width badala ya Delimited, unakata kwa mstari.

Mzee_wa_Mahesabu
Itakata vizuri ikiwa kila lori lina tarakimu tano. Hiyo 9 860 ikitangulia, mkato unasogea. Nafasi moja hapo ina kazi mbili, na sioni fomula ya kuaminika itakayojua ipi ni ipi. Mwambie kijana atenge malori kwa nukta mkato.

Karani_Kongowea
Nitamwambia. Ya mwezi uliopita je, yameshaandikwa hivyo?

Likoni_Ferry
Kama hakuna lori chini ya kilo 1,000, si unaweza kuhesabu kila vipande viwili ni lori moja?

Mzee_wa_Mahesabu
Huenda. Ila aliyeandika 12480 bila nafasi hata mara moja ataivuruga safu nzima. Karani, tutumie mistari kumi hivi tuione.