CHOP inasema trendi, ER inasema sifuri, nifuate ipi?

Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Natredi EURUSD kwenye H1 na nataka kitu cha kunizuia nisiingie soko likiwa linazunguka tu, nimeweka CHOP na ER ya Kaufman zote kendo 10, sasa kuna sehemu zinapingana kabisa. Chukulia kendo tano zimepanda pipsi 10 kila moja bila mikia, halafu tano zimeshuka hivyohivyo mpaka bei ikarudi ilipotoka. ER inagawa umbali wa mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wote, yaani 0 kwa 100, jibu 0. CHOP yenyewe haijali bei imeishia wapi, inapima mwendo na upana wa juu mpaka chini:

```
100 * log10(100 / 50) / log10(10) = 30.1
```

Iko chini ya 38.2 kwahiyo eti trendi imekolea, na wala haisemi ya kwenda wapi! Nikishusha zote ziwe kendo 5 zinakubaliana, ila hapo kelele nazo zinazidi. Wazoefu, nisubiri zikubaliane zote mbili ndo niingie, au CHOP niitoe tu nibaki na ER?