Bwawa la sato la udongo au la kambale la turubai: mtaji wa milioni 2, lipi linalipa?

Mnyonge wa Turiani
Habari za humu wadau. Nina milioni 2 na eneo langu Turiani, Mvomero, jirani na mfereji wa maji usiokauka. Nasita kati ya mambo mawili. La kwanza ni kuchimba bwawa la udongo la mita 10 kwa 20 nifuge sato. La pili ni bwawa la turubai mita 4 kwa 8 nyuma ya nyumba, nifuge kambale. Muuza vifaranga mmoja kanipigia hesabu ya sato: vifaranga 1,000, kila samaki nusu kilo, kila kilo kwa shilingi elfu kumi, jumla milioni 5 kwa miezi sita. Hesabu hii ni ya kweli?

Kibwana wa Shamba
Milioni 5 hiyo! Muulize huyo muuzaji kwa nini yeye anauza vifaranga badala ya kuuza samaki.

Bwana Samaki
Mnyonge, hesabu ya muuzaji ina matundu matatu: hakuna samaki anayekufa, wote wanafika nusu kilo, na hawali.

Tuanze na idadi. Bwawa lako lina mita za mraba 200. Maji yanayoingia na kutoka taratibu, bila mashine ya kuyapa hewa, weka sato 3 kwa kila mita ya mraba, yaani 600. Wakati wa kuvuna hesabu 480 hivi. Wengine ndege wamewabeba, wengine walikufa siku ya kupandikiza. Kwa miezi saba mpaka minane, sato aliyelishwa vizuri ni gramu 250, na milimani kwenye baridi anachelewa zaidi. Hiyo ni kilo 120. Ukiuza kilo shilingi 9,000 hapo hapo bwawani, umepata 1,080,000.

Matumizi sasa. Vifaranga madume matupu 600 kwa shilingi 200 ni 120,000. Chakula cha kuelea, kwa kuwa utakuwa umerutubisha maji, weka kilo 150. Kwa 3,500 ni 525,000. Chokaa na samadi 60,000, wavu na vibarua wa siku ya kuvuna 50,000. Jumla 755,000. Unabaki na 325,000.

Kuchimba hakumo humo. Usichimbe mita moja na nusu kwenda chini: unachimba kama sentimita 70, udongo uliotoka unapanda kuwa kingo, kina kinapatikana. Ni kama mita za ujazo 120. Vibarua wakikubali 6,000 kwa mita, 720,000. Bomba la inchi 4 na kiwiko chake cha kutolea maji 130,000. Jumla 850,000. Ina maana mavuno mawili yote na sehemu kubwa ya tatu vinakwenda kurudisha gharama ya shimo. Bei hizi ni za huku kwetu, za kwako ziulize mwenyewe.

Mama Vifaranga
Chakula cha dukani ndicho kinachowamaliza watu. Jenga banda la kuku juu ya bwawa, kinyesi kidondoke, samaki wale. Gharama ya chakula sifuri.

Bwana Samaki
Nusu uko sawa mama. Kinyesi kinalisha maji, maji yanakuwa ya kijani, na sato anakula ule ukijani na vidudu vyake. Ndiyo maana nimeandika kilo 150 tu. Ila ukitegemea hicho peke yake samaki wanakua vizuri mwanzoni kisha wanasimama, na mteja wa sokoni hataki samaki wa kiganja. Kuku nao hawajui kipimo. Zamisha mkono mpaka kiwiko: kiganja kikipotea machoni karibu maji yanapofika kwenye kiwiko, yanatosha. Kikipotea kabla ya hapo, acha samadi. Ukikuta alfajiri samaki wamejaa juu wanahema midomo wazi, hewa imekwisha majini. Fungulia maji mapya na usiwape chakula asubuhi hiyo.

Omwami wa Kakamega
Wakubwa, milioni mbili ni pesa nyingi sana, na hiyo unachimba mabwawa kadhaa na unabaki na ya fensi! Huku serikali ilituchimbia mwaka wa 2009, kila moja mita 300 mraba, tukapewa vifaranga 1,000. Chakula cha bure kilipoisha, mengi yalibaki ya vyura.

Kibwana wa Shamba
Omwami, ni shilingi za Tanzania hizo 😂

Omwami wa Kakamega
Aai, pole. Basi punguzeni mabwawa. Lakini ile ya vyura inabaki palepale: weka pesa ya chakula cha msimu wote kando kabla jembe halijagusa ardhi.

Mpare Mtulivu
Mimi nazungumzia kambale. Huku Upare Wasabato ni wengi na samaki asiye na magamba hawali. Nina jirani, kambale wake walikuwa wazuri kweli, mpaka mkono ulimchoka kuwabeba, na wanunuzi hawakufika. Uliza kwanza hapo Turiani nani atanunua.

Mnyonge wa Turiani
Huku wanaliwa, hasa wakikaushwa. Bwana Samaki, nipigie na hiyo ya turubai. Na hao madume matupu ni lazima? Wa kawaida nimeambiwa shilingi 80.

Bwana Samaki
Turubai lenye kuvumilia jua: pamoja na kuta na sehemu ya kufukia kingoni, mita 4 kwa 8 inakula kama mita za mraba 84. Kwa 7,000 ni 588,000. Ongeza kuchimba na pampu, maana turubai halirutubiki kama udongo na kambale wengi wanachafua maji haraka. Umeshapita milioni moja. Kambale 320 wakibaki 240 wa gramu 800, ni kilo 192. Kwa 6,000 unapata 1,152,000, lakini wanakula kilo 250 za chakula chenye protini nyingi, na hicho hakishuki chini ya 3,800. Hapo 950,000 imekwenda kabla ya vifaranga na mafuta ya pampu. Wanalana pia, kila wiki mbili au tatu uwatenge wakubwa na wadogo. Nafasi yake ni kwa mtu asiye na mfereji au mwenye udongo wa kichanga.

Kuhusu madume: mchanganyiko utazaliana ukiwa na miezi mitatu hivi, chakula chako kitalisha wajukuu, wote watadumaa. Akiba ya shilingi 120 kwa kifaranga inakula kilo 120 zako.

Mama Vifaranga
Ila hata hao "madume matupu" wengine wanachomeka majike. Ukinunua, uliza wanavyowatengeneza.

Bwana Samaki
Kweli kabisa. Ndiyo maana wengine wanaongeza kambale wachache baadaye wawale watoto, ila akiingizwa mapema anakula na mbegu yenyewe.

Mnyonge, kabla ya kumwita kibarua, chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji asubuhi. Jioni litakuwa limepungua, lijaze tena, lifunike kwa matawi. Kesho yake asubuhi maji mengi yakiwepo, udongo unashika. Na mfereji huo, nenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ukaulizie kibali.

Mnyonge wa Turiani
Shimo nachimba Jumamosi. Kenge wapo wengi huku, mnawazuiaje?

Kibwana wa Shamba
Wavu kuzunguka, mguu wake ufukie. Mdiria ndiye hana dawa.