Cheti cha jina la duka kinatosha kumzuia jirani?

Mwenye duka: Nauza mikate ya mofa hapa Ngamiani tangu 2014. Jina la duka ni jina la marehemu bibi yangu na neno Mikate. Mwezi uliopita jamaa kafungua duka hatua kama 40 kutoka kwangu, jina lilelile kaongeza neno Halisi, na ubao kaupaka kijani kama wangu. Cheti cha jina la biashara cha BRELA ninacho. Naweza kumfungia?

Kijana wa Chumbageni: Dada umeshinda tayari, jina likishasajiliwa BRELA ni lako, hapo kachezea alama ya biashara ya mtu, mshtaki. Alama inakaa miaka 10. Ila mkate wa mofa wenyewe si wa kwenu, ulitoka Unguja, usije ukataka kuumiliki na huo.

Mwenye duka: Nani kasema mkate ni wangu? Bibi yangu aliupika kwa kuni miaka yote hapa hapa Tanga, usinifundishe mofa mie!

Mpemba wa Makorora: Kijana kasema kweli kuhusu Unguja. Na hata mie yamenikuta, nilisajili alama yangu Zanzibar nikajua nimemaliza, kuja kufungua huku naambiwa Bara wana daftari lao na sheria yao, sina alama huku. Nimeanza upya.

Mama Pangani: Mofa tuiache kwanza. Mwanangu, cheti ulichonacho kinaonyesha tu nani yuko nyuma ya jina la duka, hakikufanyi uwe na alama ya biashara. Alama inaombwa peke yake, kwa daraja la bidhaa au huduma, mkate uko daraja la 30 na huduma ya duka daraja la 35, na ikikubaliwa inadumu miaka 7 mara ya kwanza, si 10 kama alivyosema kijana, ndipo inahuishwa kwa miaka kumi kumi. Bila hiyo huwezi kudai kuwa ameingilia alama yako, hiyo kesi ni ya mwenye alama iliyosajiliwa. Iliyobaki kwako ni ile mawakili wanaita pasing ofu, yaani mtu anauza kwa mgongo wa jina lako. Hiyo haihitaji usajili ila inahitaji ushahidi. Uonyeshe kwamba watu wakisikia jina hilo wanakujua wewe, kwamba yeye anawafanya waamini ni wewe, na kwamba umeumia. Una nini mkononi?

Mwenye duka: Juzi bodaboda kaniletea mkate una ukungu, kanifokea mbele ya wateja kumbe kaununua kwa yule. Na mteja wangu wa Raskazone alituma hela ya mikate 30 ya arusi kwenye lipa namba ya yule akidhani tumefungua tawi.

Mama Pangani: Hapo ndipo ilipo kesi yako. Usifute meseji hata moja. Huyo wa Raskazone mwombe picha ya muamala unaoonyesha jina la mpokeaji, bodaboda mwandike jina na siku, na piga picha mbao zote mbili kutoka barabarani, mahali mteja anaposimama. Hasira yako mahakamani haina uzito, mteja aliyechanganyikiwa ndiye mwenye uzito.

Kijana wa Chumbageni: Mama mimi sio mjinga, BRELA ni BRELA, kama cheti hakina nguvu wanatoza hela ya nini? Akimbilie tu kusajili alama leo, kesho amfungie.

Mama Pangani: Sijakuita mjinga, baba. Asajili, ndiyo, nami namshauri hivyo. Lakini ombi likipita linatangazwa kwanza na watu wana siku 60 za kupinga, na yule jirani ndiye wa kwanza atakayepinga. Na neno Mikate hatapewa peke yake, kila muoka mikate analihitaji. Nguvu yote iko kwenye jina la bibi.

Jirani wa barabara ya 12: Naomba niseme na mimi, nyumba zote mbili nazijua. Huyo jamaa bibi yake naye aliitwa jina hilohilo. Tanga hii kila mtaa una bibi wa jina hilo. Leo mtu azuiwe kutumia jina la bibi yake?

Mwenye duka: Bibi yake alikuwa muuza samaki! Mkate kajifunzia wapi?

Mama Pangani: Jirani hoja yako ni nzito, wakili wake ataanzia hapo hapo. Mtu akitumia jina la kwao kwa nia safi anasikilizwa. Swali nitakalouliza mimi ni la ule ubao, kama nia ilikuwa bibi tu, kijani kilitoka wapi, na kwa nini hatua 40?

Jirani wa barabara ya 12: Fremu ilikuwa wazi. Na kijani ni rangi ya nusu ya maduka ya Ngamiani.

Mpemba wa Makorora: Ila mofa ni ya Unguja, hilo mlikubali.

Mwenye duka: Hatujakubali. Mama Pangani, picha za mbao nimepiga asubuhi hii. Kesho nakwenda kwa wakili na yule wa Raskazone, amekubali kuja.